Wastani haujui majirani: kuhesabu vichwa vinavyofuatana

Rusha sarafu ya haki mara 100, uandike matokeo kwenye mstari mmoja: K kwa kichwa, M kwa mwenge. (Nauita mwenge kwa sababu ya shilingi ya zamani ya Tanzania, iliyokuwa na kichwa cha Nyerere upande mmoja na mkono ulioshika mwenge upande wa pili.) Sasa hesabu ni mara ngapi K imefuatwa papo hapo na K nyingine. Halafu rudi mwanzo wa mstari, uhesabu ni mara ngapi K imefuatwa na M. Kwa wastani hesabu zote mbili zinatarajiwa kuwa 24.75, lakini variansi, yaani kipimo cha jinsi hesabu inavyotawanyika kuzunguka wastani, kwa ile ya kwanza ni karibu mara tano ya ile ya pili.

Masomo mengi ya uwezekano huishia kwenye wastani, nami naona hapo ndipo yanapomwacha mwanafunzi njia panda. Wastani wa jumla ni jumla ya wastani, matukio yawe yanategemeana au yasitegemeane. Urahisi huo unapendeza, ila unamzoesha mtu kudhani kwamba kutegemeana hakuna madhara. Akifika kwenye variansi anaandika npq, fomula ya majaribio n yaliyo huru yenye uwezekano p wa kutokea na q wa kutotokea, bila kufikiri, na jibu linaharibika.

Tuifanye hesabu ya KK taratibu. Kwa kila nafasi i, kuanzia 1 hadi n − 1, weka kiashiria A_i: ni 1 ikiwa mrusho wa i na unaofuata vyote ni kichwa, la sivyo ni 0. Jozi zinazopishana zinahesabiwa, kwa hiyo KKK ina jozi mbili. Hilo lisemwe mapema, maana anayehesabu jozi zisizopishana anashughulikia swali jingine kabisa. Jumla yetu ni X = A_1 + … + A_(n−1), na kila kiashiria kina uwezekano wa 1/4 wa kuwa 1. Variansi ya kiashiria ni uwezekano ukitoa mraba wake: 1/4 − 1/16 = 3/16.

Kisha zinakuja kovariansi, yaani wastani wa zao la viashiria viwili ukitoa zao la wastani zao:

```
Var(X) = Σ Var(A_i) + 2 Σ Cov(A_i, A_j),  i < j
```

Jozi za viashiria ni nyingi, lakini karibu zote zinajifuta zenyewe. A_1 inatazama mrusho wa 1 na wa 2; A_3 inatazama wa 3 na wa 4. Hazina mrusho wa pamoja, kwa hiyo ni huru na kovariansi yake ni sifuri. Wanaobaki ni majirani, yaani A_i na A_(i+1), wanaochangia mrusho mmoja. Zao lao ni 1 pale tu mirusho mitatu mfululizo inapokuwa KKK, yaani kwa uwezekano wa 1/8. Kovariansi ni 1/8 − 1/16 = 1/16. Viashiria viko n − 1, kwa hiyo jozi za majirani ni n − 2, na kila moja inahesabiwa mara mbili:

```
Var(X) = 3(n−1)/16 + 2(n−2)/16 = (5n − 7)/16
```

Makosa ya hapa yanajulikana. Kuna anayesahau ile 2, kuna anayeandika majirani n − 1 badala ya n − 2, na kuna anayechukua 1/8 kama kovariansi bila kutoa 1/16. Dawa yake ni kujaribu fomula kwa n ndogo kabla ya kuiamini. Kwa n = 2 kuna kiashiria kimoja tu, hivyo jibu lazima liwe 3/16. Aliyeandika n − 1 atapata 5/16, na variansi ya kitu kinachochukua 0 au 1 tu haiwezi kamwe kuzidi 1/4. Lakini n = 2 haimkamati aliyesahau ile 2, wala yule aliyeacha kutoa 1/16, kwa kuwa hapo hakuna majirani. Nenda n = 3. Katika matokeo manane, KKK inatoa 2, KKM na MKK zinatoa 1 kila moja, matano yaliyobaki yanatoa 0. Wastani ni 4/8, wastani wa mraba ni 6/8, na variansi ni 6/8 − 1/4 = 1/2. Fomula yetu inatoa 8/16. Aliyesahau ile 2 atapata 7/16, na aliyeacha kutoa atapata 10/16.

Kwa KM kila hatua ni ileile isipokuwa moja. Jirani wa KM hawezi kuwa KM, kwa sababu mrusho wanaochangia ungetakiwa kuwa M na K kwa wakati mmoja. Zao ni sifuri daima, kovariansi ni 0 − 1/16 = −1/16, na variansi inakuwa 3(n−1)/16 − 2(n−2)/16 = (n + 1)/16.

Alama ya kovariansi unaweza kuijua kabla ya kushika kalamu. Uliza: nikishapata tukio hili, jirani yake amepata nafasi kubwa zaidi au ndogo? Baada ya KK, KK inayofuata inahitaji kichwa kimoja tu zaidi, kwa hiyo uwezekano wake unapanda kutoka 1/4 hadi 1/2. KK huja kwa mafungu: ukibahatika unapata rundo, ukikosa unakosa kabisa. Baada ya KM, nafasi ya jirani inashuka hadi 0. Tena, kati ya KM moja na nyingine lazima ipite MK, kwa hiyo haziwezi kurundikana, na idadi yake haiendi mbali na wastani.

Kwa n = 100, variansi ya KK ni 493/16, na mchepuko sanifu, yaani kipeo cha pili cha variansi, ni kama 5.55. Ya KM ni 101/16, mchepuko kama 2.51. Anayedhani viashiria ni huru anapata 297/16, mchepuko kama 4.31, kwa zote mbili. Tuseme unakagua mstari unaodaiwa kuwa wa sarafu halisi, ukakuta KK 35. Kwa 4.31 ziko michepuko 2.38 juu ya wastani, na utamshuku mtu. Kwa 5.55 ni 1.85 tu. Ukikuta KM 30, kosa linageuka: kwa 4.31 unaona 1.22 na kupita, ilhali kweli ni 2.09. Kosa lilelile linamshitaki asiye na hatia na kumwachia mwenye kustahili kuangaliwa.

Hata hivyo kuchangia mrusho si lazima kulete kovariansi. Hesabu mabadiliko, yaani KM au MK. Kwa sarafu ya haki kila nafasi ina uwezekano wa 1/2, na majirani wawili hubadilika pamoja kwa KMK au MKM, uwezekano 1/4. Kovariansi ni 1/4 − 1/4 = 0, na hapa variansi ya kawaida (n − 1)/4 ni sahihi kabisa. Ila hiyo ni sifa ya sarafu, si ya mtindo wa kuhesabu. Kichwa kikiwa na uwezekano p na mwenge q, kovariansi ya majirani ni pq(1 − 4pq). Kwa p = 0.6 ni 0.0096, kitu cha kupuuzwa, mpaka uizidishe kwa 2 na kwa majirani 98: inaongeza 1.88 juu ya 24.71.