Dakika 45 za ziada: kiambatisho kipi kina uzito?

"YAH: OMBI LA MUDA WA ZIADA. Ndugu Afisa Mitihani, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili hapa Moshi na nina disleksia. Naomba niongezewe dakika 45 katika kila mtihani wa saa tatu. Nimeambatanisha ripoti ya mwanasaikolojia, barua ya daktari wa macho na barua ya mhadhiri wangu. Naomba kujua kama vinatosha."

Kiwango chenyewe hakinisumbui. Robo ya muda ni nyongeza ya kawaida, hata mitihani ya Uingereza huitoa. Ugumu uko kwenye ushahidi.

Ofisi ina hoja nzito: wanafunzi wetu wengi walisoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha wakakutana na Kiingereza kidato cha kwanza. Wengi wao husoma mtihani polepole. Kwa nini huyu mmoja aongezewe?

Barua ya macho haijibu swali hilo. Disleksia haiko machoni, iko katika namna ubongo unavyounganisha herufi na sauti. Barua hiyo inaondoa shaka moja tu, kwamba hashindwi kusoma kwa sababu haoni vizuri.

Jibu liko ndani ya ripoti, na mimi ningeanza kwa kuangalia kama alipimwa kwa Kiswahili pia. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, hivyo mtu mzima mwenye disleksia huweza kusoma bila makosa mengi, ila taratibu mno. Akihesabiwa makosa peke yake ataonekana hana tatizo. Lazima apimwe kwa saa, tena kwa maneno ya kubuni kama "bateko" au "nyumila", ambayo hawezi kuyakisia kwa mazoea. Akiwa mzito kwa lugha zote mbili, Kiingereza pekee hakiwezi kulaumiwa. Akiwa mzito kwa Kiingereza tu, ofisi ina haki ya kusita. Huenda huyo anahitaji zaidi kufundishwa lugha.

Kuna kikwazo. Vipimo vingi vilisanifiwa kwa wasomaji wa nchi nyingine, kwa hiyo alama zake zisichukuliwe kama kipimo kamili. Hapo ndipo barua ya mhadhiri inapopata thamani, kama imeeleza alichokiona. Tuseme imeandikwa hivi: katika jaribio la dakika 60 alijibu maswali manne kati ya matano, yote sahihi, na katika jingine la aina hiyohiyo, alipopewa dakika 75, alimaliza yote, ilhali wenzake wengi walimaliza ndani ya 60. Maelezo hayo yanaonyesha kwamba anajua somo, na kwamba anachopungukiwa ni muda. Barua inayosema tu "ni mwanafunzi mwenye bidii" haimsaidii.

Kwa mitihani ya insha na maelezo, ningempa dakika zake 45. Kwa mtihani unaopima kasi yenyewe, mathalani kuchapa, nisingempa, maana hapo muda ndio unaosahihishwa. Na kama ripoti haina kipimo cha Kiswahili, nisingekataa ombi. Ningemwandikia akamwombe mwanasaikolojia aongeze sehemu hiyo kabla ratiba ya mitihani haijatoka.