Mteremko wa Matangazo na Desemba ya Moshi

Mfanyabiashara anayetunza daftari la mauzo pamoja na risiti za matangazo anaweza kupata, kwa dakika chache za Excel, mstari mnyoofu unaomwambia kila shilingi ya tangazo inaambatana na shilingi ngapi za mauzo. Swali gumu ni kama mstari huo unatosha kumruhusu aongeze bajeti ya matangazo. Wapo wanaouamini moja kwa moja na wapo wanaoukataa kabisa, na kila upande una hoja inayostahili kupimwa kwa hesabu.

Tuchukue mfano wa duka la nguo na viatu mjini Moshi, ambalo takwimu zake nimezitunga ili hesabu ionekane wazi. Kuanzia Januari hadi Desemba, matangazo yake ya redio, mabango na mitandao ya kijamii yaligharimu, kwa laki za shilingi, 3, 2, 3, 2, 3, 4, 4, 3, 4, 4, 6 na 10. Mauzo ya miezi hiyo, kwa milioni, yalikuwa 17, 16, 17, 15, 16, 18, 17, 18, 16, 17, 19 na 30. Matangazo yakiwa safu ya B na mauzo safu ya C, fomula ni hizi:

```
=SLOPE(C2:C13,B2:B13)
=INTERCEPT(C2:C13,B2:B13)
=RSQ(C2:C13,B2:B13)
```

Majibu yake ni 1.69, 11.23 na 0.88. Mteremko wa 1.69 unasema kwamba mwezi uliozidi mwingine kwa laki moja ya matangazo ulikuwa, kwa wastani, na mauzo yaliyozidi kwa shilingi milioni 1.69. Namba ya pili ni mahali mstari unapoanzia, yaani mauzo yanayokisiwa kwa mwezi usio na tangazo lolote. Kwa kuwa hakuna mwezi wa namna hiyo katika daftari, namba hiyo isisomwe kama ukweli kuhusu duka. Ya tatu, R², inaonyesha kwamba asilimia 88 ya tofauti za mauzo kati ya mwezi na mwezi inaelezeka kwa mstari huu.

Anayeutetea mstari ataishika R² hiyo, na hana kosa kuona kwamba matangazo na mauzo yamekwenda pamoja kwa karibu sana. Atasema pia kwamba bila hesabu mwenye duka angebaki kuamua kwa hisia, au kwa maneno ya anayemuuzia muda wa redio. Hoja hiyo naikubali. Lakini R² kubwa haisemi mauzo yamepandishwa na nini, wala haionyeshi kama ukaribu huo umetoka katika miezi yote au katika mwezi mmoja.

Hapo ndipo inafaa kufungua hesabu yenyewe. Mteremko hupatikana kwa kuchukua umbali wa kila mwezi kutoka wastani wa matangazo, kuuzidisha kwa umbali wake kutoka wastani wa mauzo, kujumlisha mazao hayo, kisha kugawa kwa jumla ya miraba ya umbali wa matangazo. Wastani wa duka hili ni laki 4 na milioni 18, na mgawanyo unakuwa 88 kwa 52. Desemba peke yake imechangia 72 katika ile 88, na 36 katika ile 52. Miezi kumi na mmoja iliyobaki imegawana kidogo kilichosalia.

Na Desemba ya Moshi haifanani na mwezi mwingine. Wenyeji wa Kilimanjaro wanaoishi Dar es Salaam na mikoa mingine hurudi nyumbani kwa Krismasi na mwaka mpya, na hurudi wakiwa tayari kununua. Mwenye duka anajua hivyo, kwa hiyo hutangaza zaidi mwezi huohuo. Ujio wa watu umepandisha mauzo na umepandisha matangazo pia, na mstari wenye kigezo kimoja tu hauna njia ya kutenganisha mambo hayo mawili. Sifa yote unaipa matangazo. Jambo linalofanana, ingawa kwa kiasi kidogo, hutokea wakati wa masika, pale biashara inapopoa na mwenye duka akabana matumizi.

Tukiiondoa Desemba na kurudia hesabu, mteremko unashuka hadi 0.74 na R² hadi 0.54. Anayeupinga mstari angesema huu ni ushahidi kwamba zoezi zima halina maana, nami sikubaliani naye. Mteremko wa 0.74 una maana, mradi usomwe pamoja na faida. Tuseme duka linabaki na faida ghafi ya asilimia 25 ya mauzo. Laki moja ya tangazo itajilipa pale tu inapoleta mauzo ya laki 4, yaani mteremko wa 0.40. Makisio ya 0.74 yanatoa faida ghafi ya takriban shilingi 185,000 kwa kila laki, kiasi kinachovuka gharama. Kwa mteremko wa kwanza faida hiyo ingeonekana kuwa zaidi ya shilingi 420,000, na mtu angeweza kukopa kwa kuitegemea.

Tatizo linalobaki ni upana wa makisio. Kwa miezi kumi na mmoja tu, na kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, mteremko wa kweli unaweza kuwa popote kati ya 0.23 na 1.26. Mpaka wa 0.40 umo ndani ya nafasi hiyo, kwa hiyo daftari haliwezi bado kukanusha kwamba kila laki inayoongezwa inaleta hasara. Aidha, bila Desemba, matangazo yamekuwa kati ya laki 2 na 6 pekee. Kutumia mstari huu kukisia mwezi wa kawaida wenye matangazo ya laki 20 ni kudhani kwamba wasikilizaji wa mara ya kumi wataitikia kama wa mara ya kwanza, na hakuna namba yoyote katika daftari inayounga mkono dhana hiyo.

Kwa maoni yangu, mwenye duka asiongeze bajeti kwa jumla mwaka huu, bali aipange upya ili ijibu swali. Kuanzia Januari hadi Oktoba achague kwa kura miezi mitatu ya laki 6 na saba ya laki 2; jumla ya miezi hiyo kumi inabaki laki 32. Kura inakata uhusiano kati ya matangazo na matarajio yake, na kutanua tofauti ya matumizi kunaimarisha mteremko: mauzo yakiyumba kwa kiasi kilekile, kosa la makisio litashuka kutoka takriban 0.51 hadi karibu 0.32 kila upande. Mteremko ukibaki 0.74, mwisho wake wa chini utakuwa 0.42, juu ya mpaka wa kujilipa. Aangalie pia kama mwezi wa laki 2 unaofuata mwezi wa laki 6 unauza kuliko kawaida, kwa sababu tangazo husikika leo na mteja akaja baada ya wiki kadhaa. Hilo likijitokeza, mteremko utakuwa umepunjwa.

Kuhusu Desemba yenyewe, jaribio hili halimpi jibu. Mwezi huo huja mara moja kwa mwaka, na kukata matangazo yote ili kupima ni gharama kubwa mno. Anachoweza kufanya ni kubadili kiasi kati ya wiki na wiki za mwezi huo, kisha kulinganisha wiki hizo na zile za Desemba nyingine, bila kuzichanganya tena na miezi ya kawaida.