Kabla hujamtukana mwenye video, bonyeza linki yako mwenyewe

Juzi mwenye duka mmoja kanipigia simu anafoka, ati yule jamaa wa video aliyemtangazia duka kamuingiza mjini, video imetazamwa mara zaidi ya elfu thelathini halafu ripoti ya Google Analytics inasema YouTube imeleta watu tisa kwenye tovuti yake. Tisa! Nikamwambia hebu teremka kidogo uangalie mstari wa Direct kuanzia siku video ilipotoka. Kimya. Mstari umepanda balaa.

Hii kitu inanichosha jamani. Mtu akibonyeza linki akiwa ndani ya app ya simu, mara nyingi tovuti haiambiwi katokea wapi, basi Analytics inamtupa Direct, kapu moja na walioandika anwani kwa mkono. Ndo maana linki ya kwenye maelezo ya video inabebeshwa mkia wa kusema mgeni katokea wapi, kuanzia alama ya kuuliza:

```
https://www.example.com/viatu?utm_source=youtube&utm_medium=video&utm_campaign=viatu_vipya
```

"Lakini mkia tuliweka!" akanijibu. Na kweli waliweka, nikauona kwa macho yangu. Ila wale tisa walikuwa wameandikwa `youtube.com / referral`, wakati mkia ukisomeka inatakiwa iwe `youtube / video`. Hapo nikajua mkia unakatikia njiani.

Nikafungua video kwenye simu, nikabonyeza linki, nikasubiri ukurasa ufunguke wote, ndo nikaangalia anwani pale juu. Mkia hakuna. Kumbe kwenye maelezo waliandika `http://example.com` bila www, seva inampokea mgeni, inamhamishia kwenye anwani yenye `https://www`, na katika kumhamisha inadondosha kila kitu kuanzia alama ya kuuliza. Mgeni anafika salama, viatu anaviona, cheti cha alikotoka kimebaki mlangoni, na kwa vile duka linafunguka vizuri tu hakuna aliyeshtuka. Dawa ni kuandika anwani ile ya mwisho kabisa, au fundi wa tovuti arekebishe seva ihame na mkia wake. Sisi tulibadilisha linki, dakika mbili. Wale waliokwisha kuingia Direct ndo imetoka hiyo, hawahamishiki.

Haya, nakubali, mkia hauoni kila mtu. Wapo wanaozuia vifuatiliaji, na wapo wanaotazama leo halafu kesho wanalitafuta duka kwa jina, hao watahesabiwa kwenye utafutaji. Sawa. Lakini huwezi kuniambia hiyo ndo sababu ya tisa.

Wiki iliyofuata `youtube / video` ikaanza kujaa, mwenye duka akanitumia picha ya ripoti na vicheko kibao. Nikaikuza. Chini yake kuna mstari mwingine, `YouTube / Video`, kwa herufi kubwa, una watu wake peke yao, maana kwa Analytics hayo ni majina mawili tofauti. Linki ya video ya pili aliiandika mwenyewe.