Urea: gesi zilizobaki zirudi riakta kwa njia ipi?

Ukisema kiwanda cha urea kinarudisha gesi zilizobaki kwenye riakta, yaani chombo zinapogeuzwa urea, kuna atakayekujibu: "Kama gesi haziishi si waongeze tu joto ziishe, huko kuzirudisha rudisha riakta ni gharama ya bure."

Chukua mfuko wa urea wa kilo 50, huu huu wa duka la pembejeo. Umekula kama kilo 28 za amonia na 37 za kaboni dioksidi, halafu kilo 15 zimetoka kama maji. Gesi zikikutana kwenye presha ya baa 140 hivi na joto la nyuzi 180 na kitu, zinashikana kwanza kuwa kabamati, chapchap na kwa joto jingi:

2NH3 + CO2 ⇌ NH2COONH4

Kisha kabamati inaachia maji taratibu, ndo urea inapatikana:

NH2COONH4 ⇌ NH2CONH2 + H2O

Hii ya pili ndo inaishia njiani, kwenye kila molekuli 100 za CO2 zinafika kama 60 tu. Ukipandisha joto sana kabamati inataka kuvunjika irudi gesi kwahiyo na presha uipandishe, chuma kinaliwa haraka, na urea yenyewe inaanza kugeuka bayureti inayounguza mazao. Kuzidisha amonia kunasaidia kweli, wanaweka kama molekuli 3 kwa 1 ya CO2, ila sasa rudi kwenye ule mfuko: zinabaki kilo 24 za CO2 na 42 za amonia. Mabaki yanazidi mfuko wenyewe! Kuyatupa haiwezekani.

Ubishi wa kweli ni yanarudi vipi. Njia ya zamani unashusha presha, unapasha moto, gesi zinatoka, unazinyonya kwa maji na pampu inazirudisha. Maji ni lazima maana zikipoa kavu kabamati inaganda nyeupe kama chumvi na bomba linaziba. Lakini maji hayohayo yakifika riakta yanaurudisha nyuma ule mmenyuko wa pili, na urea inapungua.

Kampuni ya Stamicarbon wa Uholanzi miaka ya 1960 wakaja na njia nyingine, presha haishushwi. Mchanganyiko unateremka ndani ya mirija ya moto, CO2 mpya inapanda inakutana nao na kuzikokota gesi zitoke, zinaenda kwenye kondensa ambako zinapozwa ziwe kimiminika na joto lao linachemsha maji yawe mvuke wa kutumia kiwandani, halafu zinashuka riakta kwa uzito wake tu. Maji machache, umeme wa pampu mdogo.

Mimi kwa kiwanda kikubwa nachagua hii, ila ile mirija ndo inaumia kuliko kitu chochote pale. Chuma cha pua kinalindwa na utando mwembamba wa oksidi, na kabamati inautafuna, kwahiyo lazima hewa kidogo ichanganywe kwenye CO2 muda wote. Hewa ikikatika huoni kitu kwa macho, unaona maabara: nikeli kwenye sampuli ya urea inaanza kupanda, hapo mirija imeanza kuyeyuka.