Fedha iliyolala isipimwe kwa riba ya mkopo

Nimetoka kwenye kikao cha kikundi cha wavuvi hapa Tanga, wanaojenga mtambo wa barafu jirani na mwalo wa samaki wa Deep Sea, na hasira bado haijanitoka. Wavuvi sina neno nao. Nina neno na mshauri aliyewaandalia mchanganuo.

Kikundi kimekopa milioni 100 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Benki imetoa zote kwa mkupuo, lakini mwaka huu ujenzi unakula milioni 40 tu, na 60 zimewekwa kwenye amana ya asilimia 8. Muuza mashine anataka milioni 30 leo, au milioni 33.6 baada ya mwaka. Ili kujua hizo 33.6 za mwakani zina thamani gani leo, mshauri akazigawanya kwa 1.18, yaani kwa riba ya mkopo, akapata kama milioni 28.5. Akawaambia waahirishe, wataokoa milioni moja na nusu.

Hawaokoi chochote! Riba ya mkopo itadaiwa ileile, wakilipa leo au mwakani. Kinachobadilika ni amana peke yake. Milioni 30 zikilala mwaka mzima zitafika 32.4, na muuzaji atadai 33.6. Hiyo milioni 1.2 inayopelea itatoka mifukoni mwa watu wanaolala baharini. Kwa fedha iliyolala, kiwango cha kupimia ni kile inachozaa pale ilipolala: asilimia 8.

Mjumbe mmoja akapendekeza tuchukue wastani, asilimia 13. Milioni 30 kwa kiwango hicho zinafika 33.9, kwa hiyo wastani nao unasema ahirisheni. Kosa ni lilelile.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba 18 ina mahali pake. Amana ikiisha, kila shilingi ya ziada itabidi ikopwe, na hapo 18 ndiyo bei yake halisi. Ndiyo maana mradi mmoja unaweza kuwa na viwango viwili: cha amana miaka ya mwanzo, cha mkopo baadaye. Fuata salio mwaka kwa mwaka. Likiwa na ziada likuze kwa 8, likiwa na pengo likuze kwa 18.

Lakini someni mkataba kwanza. Kama benki inaruhusu kurudisha sehemu ya mkopo mapema bila faini, milioni 30 zikirudishwa leo zinafuta deni ambalo mwakani lingekuwa milioni 35.4. Hapo kuahirisha ni sahihi, na 18 inatumika tangu siku ya kwanza. Mshauri hakukifungua kifungu hicho. Nilipomuuliza, alisema viwango viwili vingewachanganya wanakikundi. Watu hawa hugawana mapato ya chombo kila siku bila kalamu!

Tena zile 60 zilizolala zinadaiwa riba ya milioni 10.8 kwa mwaka na kuzaa 4.8. Milioni 6 zinapotea, na kwenye mchanganuo hazimo. Mweka hazina sasa anaiandikia benki, aulize kama wanaweza kurudisha zile ambazo hazijaanza kazi na kuzichukua kwa awamu.