Vistari vya ISBN haviwekwi kwa macho

Juzi nilikuwa kwenye maktaba ndogo hapa Ngamiani, Tanga, nikisaidia kusafisha katalogi. ISBN, yaani namba za kutambulisha vitabu, zilikuwa zimeingia kwa skana, tarakimu 13 mfululizo bila kistari. Kijana anayeitunza alikuwa ameshaandika fomula ya kuzikata zote sawasawa: 3, 4, 2, 3, 1.

"Kaka, nimezihakiki, zote zinakubali," akaniambia.

Zinakubali kweli, na hapo ndipo hatari ilipo. Tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zile 12 zilizotangulia, bila kujali vistari viko wapi. Uhakiki hunasa tarakimu iliyoandikwa vibaya. Kistari kilichokaa pasipo pake haukioni.

Chukua 9789987081233. Baada ya 978 kuna 9987, mojawapo ya namba za kundi la Tanzania. Ukiziacha hizo zote pamoja na tarakimu ya mwisho, zinabaki tano za kugawana mchapishaji na kitabu chake. Mgawanyo huo haulingani, kwa sababu wachapishaji hawalingani. Mwenye vitabu vingi hupewa namba fupi ili abakiwe na nafasi: akiwa na tarakimu mbili, anaweza kutoa vitabu 1,000, akiwa na tatu, 100, akiwa na nne, 10 tu.

Urefu wa namba ya mchapishaji unaujua kwa tarakimu zake za kwanza. Ndani ya 9987, kuanzia 00 hadi 39 ni tarakimu mbili, 400 hadi 879 ni tatu, na 8800 hadi 9999 ni nne. Namba yetu inafuatiwa na 08, kwa hiyo ni 978-9987-08-123-3. Fomula ya kijana iliipatia hii.

Sasa tazama 9789987449125. Fomula ilitoa 978-9987-44-912-5. Lakini 44 imepita 39, kwa hiyo hakuna mchapishaji wa tarakimu mbili anayeanza hivyo. Soma tatu, unapata 449, na namba sahihi ni 978-9987-449-12-5. Kwenye katalogi yake, ukipanga kwa mchapishaji, 449 na 448 wangeingia fungu moja la "44" kana kwamba ni nyumba moja ya uchapishaji. Kosa la namna hii ndilo linaloniuma, maana linaonekana nadhifu na hakuna atakayelishuku.

Msimamo wangu ni kwamba katalogi itunze tarakimu tupu, na vistari viongezwe wakati wa kuonyesha tu, kwa kufuata jedwali la masafa, yaani mipaka kama ile ya 00 hadi 39, linalotolewa na wakala wa kimataifa wa ISBN, faili la `RangeMessage.xml`. Jedwali hilo huongezwa masafa mapya, kwa hiyo nakala ya zamani nayo inaweza kukuangusha.

Vitabu vyetu vingine vilikuwa vya 9976. Hiyo nayo ni Tanzania, ila ina masafa yake, na ya 9987 hayaihusu. Kijana alitaka tuvikate kwa kukisia tumalize kazi. Nilikataa. Tuliviacha bila kistari hata kimoja mpaka tulipopakua faili.