Kikao cha Kitovu

Leo alfajiri, kabla sijanawa uso, nimemkuta jirani amesimama kwenye mlango wa chumba cha mzazi, kijiko cha mafuta mkononi, naye akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyetumwa na mamlaka ya juu, kwamba nimpishe apake kitovu. Kwa jinsi nilivyolelewa nilimwamkia kwanza, nikamuuliza hali ya nyumbani kwake, nikampokea kijiko kwa mikono miwili kama ipasavyo, kisha nikaenda kuyamwaga mafuta hayo nyuma ya nyumba. Mtoto wangu ana siku saba tu duniani, na katika siku hizo saba kitovu chake kimejadiliwa kuliko jina lake.

Sitaeleza ya mengine, kwa maana kila aliyewahi kupata mtoto anayajua. Kuna aliyekuja na asali ya kulamba, nikamshukuru nikaila mwenyewe, kwa kuwa asali haimfai mtoto asiyetimiza mwaka. Kuna aliyetaka apewe maji kwa sababu ya joto, na yeye nilimwonyesha nepi sita zilizolowa tangu jana, nikamwambia kwamba anayekojoa hivyo kwa maziwa ya mama peke yake hana kiu. Wanja wa machoni niliukataa kimyakimya.

Kitovu, hata hivyo, kiliitishiwa kikao rasmi. Ilikuwa siku ya nne, jioni. Mama yangu aliketi upande mmoja na kopo la majivu, mama mkwe upande wa pili na chupa ya mafuta, jirani katikati akiwa mwangalizi asiye na upande, ambaye hata hivyo alikuwa na dawa ya meno mfukoni. Mimi, baba mwenye nyumba, nilipewa kigoda karibu na mlango.

“Majivu hukausha,” alisema mama.

“Majivu hukwaruza, dada yangu. Mafuta hulainisha, kikadondoka bila maumivu,” alijibu mama mkwe kwa upole uliokuwa na miiba.

Nilisafisha koo. Nikaeleza, kwa lugha niliyoiandaa tangu mchana, kwamba kile kipande hakina mishipa ya fahamu na kwa hiyo hakimuumi mtoto, kwamba hukauka kwa hewa tu kama kijiti kilichokatwa mtini, na kwamba kwa kawaida hudondoka kati ya siku ya tano na ya kumi na tano bila kusukumwa na mtu. Mkunga alituagiza tunawe mikono kwa sabuni kabla ya kukigusa, nepi ikunjwe chini yake ili mkojo usikilowanishe, tusikivute hata kikibaki kimening'inia kwa uzi mmoja, wala tusikipake chochote. Mafuta hukizuia kukauka. Majivu na udongo huweza kubeba vijidudu vya pepopunda, ambavyo havionekani na hustahimili makali mengi, na shina la kitovu kibichi ni mlango uliofunguliwa wazi. Kama ipo dawa ya kupaka, alisema, atatupa yeye.

Walinisikiliza kwa heshima kubwa, kisha wakaendelea pale walipokuwa wameishia.

“Wewe ulipakwa majivu haya haya,” mama aliniambia, “na leo una ndevu.”

Hapo, ndugu zangu, ndipo heshima yangu iliponiponyoka kidogo. Nikasema, kwa sauti iliyopanda kuliko nilivyokusudia, kwamba waliopona ndio wanaosimulia, na wale wengine hawakupata nafasi ya kuja kwenye kikao. Chumba kikanyamaza. Mama aliliangalia kopo lake kwa muda mrefu, akasema taratibu kwamba kaka yangu wa kwanza, yule asiyetajwa, alinyonya vizuri siku za mwanzo, na siku ya saba mdomo ukakaza, akawa hawezi kushika titi, mwili ukajikunja kama upinde kila alipoguswa. “Ulikuwa upepo mbaya,” alisema. Mimi nilikuwa nimesomewa maneno hayo hayo kliniki, karibu neno kwa neno, kama dalili za pepopunda ya mtoto mchanga. Sikumwambia. Kuna ukweli ambao mtu hampi mama yake mbele ya mkwewe. Nilisema tu, “Pole, mama,” tukavunja kikao bila maazimio.

Siku ya sita usiku kitovu kikatoa harufu.

Nyumba nzima iliamka. Mama mkwe alisema kinaoza kwa kukosa mafuta, jirani alisikika nje ya dirisha akisema alijua, na mimi niliyejifanya mtaalamu kwa siku mbili nikatetemeka na tochi ya simu kiasi kwamba mwanga ulikuwa ukicheza ukutani. Shina lilikuwa na unyevunyevu wa rangi ya manjano. Nilimbeba mtoto tukaenda usiku huohuo, nyuma yangu wakifuatana bibi wawili wasioongea.

Mkunga alinawa mikono, akamvua mtoto, akazungusha kidole polepole kwenye ngozi inayozunguka kitovu. Alisema kwamba kwa ngozi nyeusi wekundu hujificha, hivyo usitegemee macho peke yake: gusa uone kama pamevimba, pamekuwa pagumu au pana joto kuliko tumbo lote, na uangalie kama mtoto analia unapopagusa. Palikuwa laini, na mtoto alipiga miayo. Akampima joto, likawa 36.8. Akauliza kama ananyonya, na mke wangu akacheka kwa uchovu, akasema hajui kuacha. Basi, akasema, huko ni kulainika kwa shina kunakotangulia kudondoka, na harufu ndogo ya namna hiyo ni ya kawaida. Kisafishwe kwa kitambaa safi na maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha kikaushwe kwa kugusagusa tu. Lakini tukiona usaha, uvimbe unaosambaa kwenye ngozi, harufu kali inayozidi, joto la 37.5 na kupanda, au mtoto akikataa kunyonya, tusingoje asubuhi wala tusiitishe kikao.

Neno kikao lilinishtua. Nadhani mke wangu alikuwa amesema.

Halafu mkunga yule akafanya jambo ambalo mimi na hotuba zangu tulishindwa. Alimgeukia mama yangu, akamwita bibi, akamwomba yeye ndiye awe mlinzi: mtu yeyote asikiguse kitovu mpaka bibi athibitishe kwamba amenawa, na nepi isifungwe mpaka bibi aione imekunjwa chini. Mama mkwe akakabidhiwa kuchemsha maji na vitambaa. Tangu usiku huo nimerudishwa bombani mara mbili kwa mikono yangu isiyoridhisha, na jana nilinuswa vidole.

Ndiyo maana leo, niliporudi kutoka kumwaga mafuta ya jirani, sikushangaa kumkuta mama ameketi uani mbele ya sufuria lililoungua, akilisugua kwa majivu ya kopo lile mpaka likang'aa. Hakuniangalia. Aliniuliza tu kama yule mwenye kijiko alikuwa amenawa, nami nikajibu kwamba hakufika kitandani.

“Vizuri,” alisema.

Jirani, kumbe, hakuwa ameondoka. Alichungulia juu ya ua, akasema kwamba ya kitovu ameyaacha, lakini je, tumeuangalia utosi wa huyo mtoto, maana ameuona unadundadunda, na yeye anamjua mtu anayejua kuutia kitu. Mama aliweka sufuria chini. Mimi nilikwenda kutafuta kigoda changu.